Mzigo Umechelewa: Samahani Isiyo na Tarehe Haimsaidii Mteja

Desemba 1999, biashara ya mtandaoni ikiwa bado changa, duka la mtandaoni la Toys R Us, kampuni kubwa ya Marekani iliyokuwa ikiuza vitu vya kuchezea watoto, liliwaahidi wateja kwamba oda zao zingefika kabla ya Krismasi. Oda zikamiminika kuliko uwezo wa maghala kufungasha na kusafirisha. Zikiwa zimebaki siku chache tu sikukuu ifike, baadhi ya wazazi wakapata barua pepe ya kuwaeleza kuwa mizigo yao haitawahi. Kampuni iliomba radhi, ikawapa walioathirika vocha ya dola 100.

Dola 100 wakati huo zilikuwa nyingi kuliko bei ya vitu vingi walivyoagiza. Hasira haikupoa hata hivyo, kwa sababu kilichokuwa kimekwisha mkononi mwa mzazi hakikuwa fedha bali siku. Angeambiwa wiki mbili kabla, angekwenda duka la mtaani kwake akanunua kitu kingine. Alipoambiwa karibu na sikukuu, rafu zilikwisha kupekuliwa.

Julai 2000, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba wauzaji saba wa mtandaoni, Toys R Us na duka la Macy's wakiwamo, watalipa jumla ya dola milioni 1.5 kwa mambo waliyoyafanya katika msimu ule. Mwezi uliofuata Toys R Us iliingia mkataba wa miaka kumi na Amazon ili Amazon iendeshe uuzaji wake wa mtandaoni.

Wauzaji wale hawakuadhibiwa kwa sababu tu mizigo ilichelewa. Tume iliwashtaki kwa kuahidi tarehe wasizokuwa na msingi wa kuziahidi, na kwa kutowaarifu wateja ipasavyo ili kila mmoja aamue kama anasubiri au anadai fedha zake. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya samahani ya mdomo na samahani yenye kazi. Mpaka huo unawahusu hata wauzaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaopokea oda kwa simu na kuagiza bidhaa kutoka China.

Kanuni ya siku thelathini

Kanuni iliyotumika kuwabana wauzaji wale ilikuwa ya zamani kuliko intaneti yenyewe. Tume iliitoa mwaka 1975 kwa ajili ya watu walioagiza vitu kwa posta, baadaye ikaongezewa oda za simu na kisha za mtandaoni. Maelekezo yake yanaeleweka hata kwa mtu asiyesoma sheria.

Muuzaji asiahidi tarehe asiyokuwa na sababu ya kuiamini. Asipotaja tarehe yoyote, anahesabiwa kuwa ameahidi kusafirisha mzigo ndani ya siku 30. Akigundua kwamba hatawahi, lazima amwarifu mteja, ampe tarehe mpya na ampe nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa fedha zake zote, tena bila kumgharimu chochote kutoa jibu hilo.

Sehemu inayofuata ndiyo yenye busara zaidi. Kama ucheleweshaji mpya hauzidi siku 30, mteja akinyamaza anahesabiwa amekubali kusubiri. Ukizidi hapo, au muuzaji akiwa hana tarehe ya kutaja, ukimya haumaanishi tena ridhaa: mteja asipokubali kwa kauli yake, oda inafutwa na fedha zinarudi. Na muuzaji akichelewa mara ya pili baada ya tarehe mpya kupita, hapo pia kimya cha mteja hakimsaidii. Kwa maneno mengine, kadiri ucheleweshaji unavyokuwa mrefu, ndivyo haki ya muuzaji ya kuendelea kukaa na fedha za watu inavyopungua.

Nchi nyingine zimefuata njia inayofanana. Katika Umoja wa Ulaya, kama hakuna makubaliano mengine, bidhaa inapaswa kukabidhiwa ndani ya siku 30, na mnunuzi akishampa muuzaji muda wa ziada unaofaa naye akaushindwa, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012, na Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, yenye masharti yanayomlinda anayenunua kwa njia ya mtandao. Hata hivyo biashara nyingi za oda katika miji yetu huendeshwa kwa kuaminiana: mteja ametuma fedha kwa simu, muuzaji amejibu kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo ndio mkataba wenyewe. Ndiyo maana maneno ya ule ujumbe wa kuomba radhi yana uzito mkubwa.

Neno samahani lilipopimwa kwa fedha

Kuna wanauchumi walioamua kupima thamani ya samahani. Basil Halperin, Benjamin Ho, John List na Ian Muir walifanya utafiti kwa wateja milioni 1.5 wa kampuni ya teksi ya Uber nchini Marekani, ambao safari zao zilichelewa kuliko makadirio waliyopewa. Wengine hawakutumiwa chochote. Wengine walitumiwa barua za kuomba radhi zilizoandikwa kwa namna mbalimbali: moja ikikiri kosa, nyingine ikiahidi kujirekebisha. Wengine walipewa vocha ya dola 5, wakiombwa radhi au bila kuombwa.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuwafurahisha wanaoamini kwamba maneno matamu yanatosha. Samahani peke yake haikuwarudisha wateja kwa kiasi cha maana. Kilichowafanya waendelee kutumia huduma ni samahani iliyoambatana na kitu kilichomgharimu aliyekosa. Watafiti waligundua jambo jingine: mteja aliyeombwa radhi mara nyingi ndani ya muda mfupi alipunguza matumizi yake kuliko yule ambaye hakuombwa radhi kabisa. Samahani, hasa ile yenye ahadi ndani yake, humfanya mtu aanze kuhesabu. Ahadi ikivunjwa tena, anajua sasa kwamba hakuwa na bahati mbaya. Ana muuzaji mbaya.

Teksi iliyochelewa robo saa ni jambo dogo mbele ya mzigo uliochelewa miezi miwili. Lakini somo linabaki. Muuzaji ana nafasi moja ya kuomba radhi vizuri, si tano. Kwa hiyo tarehe atakayoitaja katika ujumbe huo inapaswa kuwa tarehe asiyotarajia kuivuka hata mambo yakienda vibaya kidogo.

Hesabu ya tarehe mpya

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye kalenda ya kweli. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam anauza majiko ya presha ya umeme kupitia ukurasa wake wa mtandaoni. Desemba 2024 alipokea oda 60 kwa bei ya shilingi 180,000 kila moja, wateja wakalipa zote kabla. Aliwaahidi kwamba majiko yatafika tarehe 28 Februari 2025. Wengi walichagua kununua kwa sababu ya tarehe hiyo: Ramadhani ilikuwa inaanza siku moja au mbili baadaye, na jiko la presha huokoa muda mwingi wa kupika futari.

Kalenda ya kiwandani ilikuwa na habari nyingine. Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa tarehe 29 Januari 2025. Wafanyakazi wa viwanda vya kusini mwa China huanza kusafiri kwenda makwao siku kadhaa kabla, na viwanda vingi havirudi katika kasi ya kawaida hadi sikukuu ya taa, ambayo mwaka huo iliangukia tarehe 12 Februari. Tarehe 20 Januari muuzaji wetu akaambiwa kwamba majiko yake hayajakamilika na kiwanda kinafungwa.

Siku hiyo ndiyo ya kuandika. Wauzaji wengi hawaandiki. Wanasubiri tarehe iliyoahidiwa ifike, halafu maswali yaanze, ndipo wajibu kwamba mzigo uko njiani. Anayeandika Januari 22 anampa mteja zaidi ya wiki tano za kutafuta jiko kwingine kabla ya mfungo. Anayeandika Machi 1 hampi kitu.

Sasa tarehe mpya inapatikanaje? Si kwa kumuuliza wakala wa mizigo kisha kunakili jibu lake. Inapatikana kwa kuuvunja mnyororo wa safari vipande vipande na kukipa kila kipande siku zake.

Kiwanda kinasema kitamaliza tarehe 22 Februari. Mzigo unahitaji siku mbili kufika ghala la wakala mjini Guangzhou: tarehe 24. Majiko 60 hayajazi kontena, kwa hiyo yanasubiri kuchanganywa na mizigo ya wafanyabiashara wengine, kontena lijae na kupata nafasi melini. Kipande hiki ndicho kinachowadanganya wengi, kwa sababu baada ya sikukuu kila ghala lina foleni. Tukikipa siku tisa, meli inaondoka tarehe 5 Machi. Safari ya baharini hadi Dar es Salaam, pamoja na uwezekano wa kontena kushushwa na kupakiwa meli nyingine katikati ya njia, tuipe siku 30. Inafika Ijumaa, tarehe 4 Aprili.

Kufika bandarini si kufika dukani. Kontena linashushwa, linapelekwa bandari kavu, nyaraka zinapitiwa na forodha, kodi inalipwa, mzigo unafunguliwa na kugawanywa kwa wenyewe. Tuweke siku 10 za kazi. Hapa sikukuu zinaingia tena: tarehe 7 Aprili ni kumbukumbu ya Karume, tarehe 18 ni Ijumaa Kuu na tarehe 21 ni Jumatatu ya Pasaka. Siku 10 za kazi zinakwisha tarehe 23 Aprili. Siku mbili za kukagua majiko na kupanga majina ya wateja zinatufikisha tarehe 25.

Tarehe 25 Aprili ni tarehe ambayo mambo yakienda sawa mzigo utakuwa mkononi. Si tarehe ya kumpa mteja. Katika mnyororo wenye vipande sita, kimoja hakikosi kuteleza, hivyo muuzaji anaongeza wiki moja na kuandika tarehe 2 Mei kwa wateja wa Dar es Salaam, na tarehe 6 Mei kwa wa mikoani ambao vifurushi vyao hupelekwa kwa basi. Jiko likifika tarehe 25, mteja atafurahi. Likifika tarehe 30, bado ahadi haijavunjwa.

Kutoka 28 Februari hadi 2 Mei ni wiki tisa kamili. Ni kuchelewa kuliko siku 30 kwa mbali, na kwa kipimo cha kanuni ile ya Marekani muuzaji hana ruhusa ya kuuhesabu ukimya wa mteja kuwa ni kukubali. Hata pale ambapo sheria haimbani, huo ni mwongozo mzuri.

Fidia haianzi na fedha za mteja mwenyewe

Kosa linalorudiwa sana katika barua za namna hii ni kuchanganya mambo mawili: kurejesha fedha na kulipa fidia. Mteja aliyelipa shilingi 180,000 na hakupata jiko, akirudishiwa shilingi 180,000, hajalipwa fidia yoyote. Amerudishiwa chake. Fidia ni kile kinachoongezwa juu ya haki hiyo kwa sababu ya usumbufu, na haiwezi kutumika kuizima.

Kampuni ya mavazi ya Fashion Nova ya Marekani iliingia kwenye shimo hilo. Aprili 2020 ilikubali kulipa dola milioni 9.3 kumaliza madai ya Tume ileile ya Biashara. Tume ilidai kwamba kampuni ilishindwa kusafirisha oda kwa wakati, haikuwapa wateja nafasi ya kufuta oda, na kwa bidhaa ambazo haikuzituma kabisa iliwapa wateja kadi za zawadi za kununulia humohumo dukani badala ya kuwarudishia fedha. Kwa mwenye duka kadi inaonekana kama ukarimu. Kwa mteja ni mkopo wa lazima: ametoa fedha taslimu, amepewa karatasi ya duka lilelile lililomwangusha.

Turudi kwa majiko. Bei ya kiwandani ni shilingi 90,000 kwa jiko, na usafiri, kodi na gharama za kutoa mzigo ni shilingi 50,000. Faida inayobaki ni shilingi 40,000. Humo ndimo fidia ya wanaosubiri inapotoka, na lazima iwe na kipimo kinachoeleweka, si huruma ya siku. Muuzaji anaamua kulipa shilingi 2,000 kwa kila wiki ya kuchelewa. Kwa wiki tisa ni shilingi 18,000, yaani sehemu ya kumi ya bei. Juu yake anaondoa ada ya kumfikishia mteja mzigo, shilingi 7,000. Jumla ni shilingi 25,000 kwa jiko, naye anabaki na shilingi 15,000.

Je, hiyo ni haki? Kwa mteja aliyetaka jiko la nyumbani tu, punguzo la sehemu ya kumi na usafiri wa bure ni kitu anachokiona na kukihisi. Kwa muuzaji, biashara haifi. Lakini kwa mama aliyepanga kuuza futari mwezi mzima kwa jiko hilo, shilingi 25,000 hazikaribii hasara yake, wala muuzaji mdogo hawezi kuilipa hasara hiyo yote. Kinachomwokoa mteja wa namna hii ni taarifa ya mapema na fedha zake mkononi ili anunue kwingine. Ndiyo maana katika ujumbe, chaguo la kurudishiwa fedha hutangulia, na fidia ya kusubiri hufuata.

Fidia iwe fedha pia, au ipunguzwe kwenye salio analodaiwa mteja. Punguzo la oda ijayo linamtaka mtu aliyekwisha kuumwa amwamini tena aliyemuuma ili apate haki yake.

Fedha za kurudisha zitatoka wapi

Hapa wauzaji wengi hukwama, na mara nyingi kimya chao hakitokani na dharau bali na mfuko mtupu. Wamepokea fedha za wateja, wamezipeleka kiwandani, na sasa hawana cha kurudisha. Kuandika mapema kunasaidia hata kwa hili.

Viwanda vingi vya China hupokea asilimia 30 ya bei oda inapowekwa, na asilimia 70 bidhaa ikikamilika. Muuzaji wetu alikusanya shilingi 10,800,000 kutoka kwa wateja 60. Kiwandani alikuwa ametanguliza shilingi 1,620,000 tu. Tarehe 22 Januari bado ana zaidi ya shilingi milioni tisa. Tuseme wateja 22 wanataka fedha zao: anahitaji shilingi 3,960,000, na anazo. Anachobaki nacho kinatosha kumalizia deni la kiwanda, ila kwenye usafiri na kodi atapungukiwa na kama shilingi 1,560,000 ambazo atazihitaji mzigo ukifika, mwezi Aprili. Ana miezi zaidi ya miwili ya kutafuta wanunuzi wapya wa yale majiko 22, safari hii kwa tarehe ya kweli.

Akingoja hadi Machi, asilimia 70 imeshalipwa, sehemu kubwa ya fedha imegeuka kuwa maboksi yaliyo baharini, na wateja wanaodai ni wengi zaidi kwa sababu Ramadhani imeanza. Ucheleweshaji ni uleule, lakini sasa anaonekana tapeli.

Njia ya kuepuka mtego huu oda zijazo ni kuchukua kianzio badala ya bei yote, na kutenga fedha za wateja mbali na matumizi ya duka hadi bidhaa ipakiwe melini.

Ujumbe wenyewe

Ujumbe unatumwa kwa kila mteja kwa namba yake, si kwa tangazo la jumla ambalo wengine hawataliona. Huu ni mfano wake:

> Ndugu mteja, habari za leo. Jiko la presha ulilolipia Desemba halitafika tarehe 28 Februari kama tulivyokuahidi. Tunakuomba radhi. Kosa ni letu: tulipokea oda bila kuhakikisha kwamba kiwanda kitamaliza kazi kabla ya kufungwa kwa Mwaka Mpya wa Kichina.
>
> Tarehe mpya ya kukukabidhi jiko ni 2 Mei kwa Dar es Salaam na 6 Mei kwa mikoani. Halitafika kabla ya Ramadhani wala Idi.
>
> Tafadhali chagua:
> 1. Kurudishiwa fedha. Jibu RUDISHA. Utapokea shilingi 180,000 zote, pamoja na makato ya muamala, ifikapo tarehe 31 Januari.
> 2. Kusubiri. Jibu NASUBIRI. Siku ya kupokea jiko tutakutumia shilingi 18,000 kwenye simu yako, na hutalipia usafiri. Ukibadili nia kabla mzigo haujapakiwa melini, utarudishiwa fedha zako zote.
>
> Usipojibu hadi tarehe 29 Januari, tutakurudishia fedha zako. Ukisubiri nasi tukavuka tarehe mpya, utarudishiwa fedha zote ukitaka, na shilingi 18,000 zitabaki kuwa zako.
>
> Tutakuandikia tena tarehe 25 Februari mzigo ukiwa ghalani Guangzhou, na tarehe 6 Machi meli ikishaondoka.

Ujumbe huu unaanza na habari mbaya yenyewe, jina la bidhaa na tarehe iliyovunjwa. Hauanzi kwa kumshukuru mteja kwa uvumilivu wake, uvumilivu ambao hajaombwa bado. Sababu imeelezwa kwa sentensi moja, tena kwa namna inayoliacha kosa kwa muuzaji. Mwaka Mpya wa Kichina huja kila mwaka, si dharura. Dharura za kweli zipo, kama Machi 2021 meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita, lakini hata hapo muuzaji anawajibika kwa namna anavyotoa taarifa.

Sentensi ya Ramadhani na Idi ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mteja anaweza kuona tarehe 2 Mei asiihusishe mara moja na shughuli yake. Muuzaji anayejua kwa nini mtu alinunua anamwambia waziwazi kwamba kusudi hilo halitatimia. Atapoteza oda kadhaa kwa sentensi hiyo, lakini hatapata wateja 60 wenye hasira mwezi Machi.

Tarehe mbili za mwisho si za mapambo. Zinampa mteja namna ya kupima kama mpango unakwenda. Tarehe 25 Februari ikipita kimya, ana haki ya kuuliza wakati bado kuna nafasi ya kufuta.

Mteja atajuaje kama anazungushwa

Mzigo uliochelewa kweli huacha nyayo. Kama umekabidhiwa ghala la wakala, ipo stakabadhi yenye tarehe, idadi ya maboksi na ujazo wake kwa mita za ujazo. Kama umepakiwa, lipo jina la meli na namba ya kontena, na namba hiyo inaweza kuangaliwa katika tovuti ya kampuni ya meli ili kujua kontena lilipo. Muuzaji halazimiki kumwonyesha mteja bei aliyonunulia, lakini anaweza kuifunika bei na kupiga picha stakabadhi.

Asiye na mzigo hutoa majibu yanayobadilika. Jumatatu mzigo uko forodhani, Alhamisi uko baharini, wiki inayofuata wakala hapokei simu. Hana tarehe ila "wiki ijayo". Picha anazotuma ni za maboksi yasiyo na alama ya jina lake. Na akiulizwa kuhusu kurudisha fedha, anatoa vocha, au anasema mfumo wa malipo una tatizo.

Mteja aliye katika hali hiyo asiendelee kupiga simu tu. Aandike ujumbe mfupi unaotaja tarehe aliyolipa, kiasi, tarehe aliyoahidiwa, na siku ya mwisho anayotaka fedha zake ziwe zimerudi, kisha ahifadhi ujumbe huo pamoja na ule wa muamala. Ikibidi kwenda kulalamika mbele ya chombo chochote, karatasi hizo mbili ndizo zitakazoulizwa kwanza.

Kwa muuzaji, kazi ya kufanya leo ni kufungua orodha ya oda ambazo hazijafika na kuweka mbele ya kila jina tarehe aliyoahidi na mahali mzigo ulipo sasa. Pale ambapo tarehe hizo mbili haziwezi kukutana, ujumbe utumwe kabla mteja hajauliza.